Kuomba tena kazi pale walipotukatalia

(Maneno ambayo komite ilisema mbele ya memba, Kamituga)

Wamama, wababa, vijana wetu, na ninyi wafadhili mnaotusoma mkiwa mbali,

Leo tunaongea juu ya kitu kimoja tu. Ulipeleka dosie ku shirika, jina lako halikutoka kwenye listi. Kisha miezi kadhaa, shirika lile lile linabandika tangazo la kazi ile ile. Unafanya nini? Wengi kati yetu wanaacha, wanasema "wale walishatukataa". Wengine wanachukua barua ya zamani, wanabadilisha tarehe, wanairudisha. Hii ya pili tumeiona sana, na sisi wenyewe wa komite tulishaifanya. Barua inasomwa pengine na karani yule yule, naye hana sababu ya kujibu tofauti, maana hakuna kitu kipya alichoonyeshwa.

Tutawaeleza ya mama mmoja wa kwetu. Jina hatutalitaja, lakini amekubali tueleze.

Alirudi kutoka kambi ya Nyarugusu, kule Kigoma, Tanzania. Kule kambini alikuwa anafanya usafi ku kituo cha afya, kazi ile ya wakimbizi ya kupewa posho kidogo kila mwezi. Mnakumbuka kwamba mwezi wa 9 mwaka 2023 mpox ya aina mpya ilianza kuonekana hapa kwetu Kamituga, na tarehe 14 mwezi wa 8 mwaka 2024 OMS ikatangaza kwamba ni dharura ya dunia. Mashirika yalitafuta watu wa usafi, wale tunaita waijienisti. Mama akapeleka dosie. Hakuitwa hata ku mtihani wa kuandika.

Alifanya kitu ambacho sisi wengi tunaona haya kukifanya: alirudi ku biro kuuliza. Hakuenda siku ile listi ilibandikwa, wakati watu wanapiga kelele ku mlango na sentineli amekasirika. Alingoja wiki moja, akaenda asubuhi, akauliza swali moja: "Dosie yangu ilikosa nini, ili nijitayarishe?" Hakuuliza kwa nini walimchukua fulani. Wakamjibu kwa dakika mbili. Tangazo liliomba miezi 6 ya kazi, yenye kuonyeshwa na cheti. Yeye aliandika "nilifanya usafi kambini", bila karatasi, bila tarehe, bila mtu wa kuulizwa.

Pale njo kuna tofauti kubwa. Ukianguka ku dosie, ni karatasi inakosa. Ukianguka ku mtihani, ni maarifa. Ukifika hadi mazungumzo ya mwisho ukakosa, labda hakuna kitu kibaya, mwingine alikuzidi tu, na hapo unaweza kurudi upesi. Usipojua ulianguka wapi, unatengeneza mahali ambapo hapakuharibika. Kuna kijana wetu alilipia masomo ya ordinatere, kumbe alikataliwa kwa sababu alisahau kutia sahihi ku barua.

Turudi kwa mama. Alitafuta cheti cha Nyarugusu kwa njia ya shemeji yake ambaye angali kule. Msimamizi wa zamani aliandika barua, ikaja kama picha ku Watsap. Picha ya simu haina nguvu kama cheti chenye muhuri. Basi aliichapisha, akaandika ku sivi namba ya simu ya yule msimamizi, naye msimamizi alikubali kupigiwa. Mwombe mtu ruhusa kwanza! Kuna mmoja wetu, shirika lilipiga simu, yule mtu akajibu: "Huyo simfahamu vizuri."

Halafu akatafuta kazi ndogo hapa hapa: miezi 6 ya usafi ku kituo cha afya cha mtaa, kwa malipo ya siku. Alipotoka aliomba cheti, na muuguzi mkuu akaandika tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza, na kazi yenyewe. Msione haya kuomba. Sheria ya kazi ya Kongo ya mwaka 2002 inamlazimisha mwajiri kutoa cheti hicho mkataba ukiisha.

Na ku kituo kile alijifunza kitu ambacho kambini alikifanya kwa macho tu: kupima klori. Unga wa klori wa asilimia 65 hadi 70, kijiko kimoja cha supu kilichosawazishwa, karibu gramu 15, ndani ya litri 20 za maji: hiyo ni 0.05%, ya kunawa mikono. Kwa sakafu na vitanda ni 0.5%, mara kumi zaidi, vijiko 10 ndani ya litri zile zile 20. Na maji ya jana hayatumiki leo, yanatayarishwa kila siku.

Tangazo la pili lilipotoka, miezi 9 ilikuwa imepita. Tulikaa naye jioni mbili juu ya barua. Yeye alitaka kuficha kwamba alishakataliwa. Sisi tukakataa, kwa sababu dosie yake ya kwanza inaweza kuwa bado ku kabati lao. Barua ilianza hivi:

"Niliomba kazi hii hii kwenu mwaka jana, sikuitwa ku mtihani, kwa kuwa sikuwa na cheti cha kazi. Tangu siku ile nimefanya miezi 6 ku kituo cha afya, cheti ni hiki hapa. Sasa natayarisha klori ya 0.05% na ya 0.5% mimi mwenyewe, na muuguzi mkuu wa kituo anaweza kuulizwa."

Mistari michache tu, na haina malalamiko. Hatukuandika "nimekua" wala "nimebadilika sana". Maneno hayo kila mtu anaweza kuyaandika.

Tulikuta hatari moja ambayo ni yetu sisi tuliorudi. Karatasi ya kambini iliandika jina lake kwa herufi tofauti na karte ya uchaguzi, na tarehe ya kuzaliwa ilikuwa 1/1, kama wengi wetu. Dosie ya kwanza ilifuata karatasi ya kambini, ya pili ingefuata karte. Karani akiziweka pamoja, anaona watu wawili, ao anaona mwongo. Tukaongeza mstari mmoja unaoeleza tofauti hiyo, na kopi za karatasi zote mbili. Kijana mwingine alinyamaza juu ya jambo kama hilo, akaondolewa kisha kufaulu mtihani.

Mama aliitwa. Ku mazungumzo wakamuuliza: "Mwaka jana hatukukuchukua, leo kuna nini kipya?" Akaeleza ndoo na vijiko. Wakamuuliza tena: kama unga ni wa asilimia 35? Akajibu kwamba kwanza anasoma kopo, kisha anaongeza vijiko mara mbili. Swali la mavazi ya kujikinga, namna ya kuyavua kwa mpangilio, lilimshinda nusu.

Hakuchukuliwa siku ile. Waliweka jina lake ku listi ya akiba, na kisha wiki 7 wakampigia simu, kwa mkataba wa miezi 3. Ndugu wafadhili, mchango wenu katika habari hii ulikuwa kopi, bahasha na yuniti za kupiga simu Tanzania. Mkataba unaisha mwezi ujao, na mama ameshaomba cheti chake.