Kuomba Saa Chache za Kazi Kabla ya Mahojiano

Maelezo kwa wakazi wanaotafuta kazi, Voi



Mtu akiitwa kwa mahojiano huku akijua hawezi kukaa kazini kutwa nzima, hujiuliza aseme lini. Wengi hunyamaza hadi wapewe barua ya kazi. Hapo mwajiri huona amefichwa jambo, na nafasi humwendea mwingine. Ikiwa saa hizo ni za lazima kwako, sema baada ya kuitwa na kabla ya kupanda matatu kwenda mahojiano. Ikiwa ungependa tu kutoka mapema siku fulani, subiri upewe kazi kwanza.

Ni vyema kujua sheria inasimama wapi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 haimlazimishi mwajiri kumpa mwombaji nusu siku. Hayo ni mapatano. Lakini mama anayenyonyesha ana haki chini ya Sheria ya Afya ya 2017: apewe muda wa kunyonyesha au kukamua maziwa, mbali na muda wa chakula, usiozidi saa moja kwa kila saa 8 za kazi, na muda huo uhesabiwe kuwa wa kazi. Hilo si ombi la hisani.

Sasa chukulia mfano. Mama wa Mwatate ameitwa kwa nafasi ya karani wa hesabu katika duka la jumla mjini Voi. Kazi ni saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni, Jumatatu hadi Ijumaa, na mapumziko ya saa moja. Jumamosi ni saa 2 hadi saa 7 mchana. Jumla ni saa 45 kwa wiki, kwa mshahara wa shilingi 36,000. Mtoto wake hutoka shule mchana na hakuna mtu nyumbani. Anamwandikia afisa anayeajiri hivi:

"Habari za asubuhi. Asante kwa kunialika kwa mahojiano ya karani wa hesabu siku ya Alhamisi. Nitafika. Ningependa kujua mapema kama nafasi hii inaweza kufanywa kwa saa 30: saa 2 asubuhi hadi saa 8 mchana, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa mshahara unaolingana na saa hizo. Hesabu za mauzo ya jana zitakuwa tayari kila siku kabla ya saa 6. Mwisho wa mwezi naweza kukaa hadi jioni kwa siku 2. Kama haiwezekani, naomba nijulishwe kabla ya Alhamisi."

Hakueleza shida za nyumbani. Ametaja saa, kazi itakayokamilika, na siku anazoweza kuongeza. Mshahara pia ameugusa, kwa sababu mwajiri atauliza. Saa 30 ni theluthi mbili ya 45, kwa hiyo ni shilingi 24,000, na makato ya bima ya afya ya jamii, asilimia 2.75, yatakuwa 660. Aondoe pia nauli kabla ya kuamua kama kazi inamfaa.

Jihadharini na maneno "saa zinazobadilika". Katika hoteli na kambi za watalii karibu na Tsavo, mwajiri anaweza kuelewa kwamba uko tayari kwa zamu yoyote, hata ya usiku. Andika saa yenyewe.

Wanaotaka kugawana kazi moja watu wawili, wote waombe na wote wataje mwenzao. Waeleze nani atashika siku zipi, na watakabidhianaje pesa na vitabu. Fedha ikipungua bila makabidhiano yaliyoandikwa, haijulikani nani aulizwe.

Kwa nafasi zinazotangazwa na bodi ya utumishi wa umma ya kaunti, masharti huwa yamewekwa tayari na nafasi ya kupatana ni ndogo. Swali lipelekwe kwa anwani iliyo kwenye tangazo. Usimwendee mjumbe wa bodi, kwani kushawishi humwondoa mwombaji.

Jibu likija "njoo tu, tutaona ukianza", hayo si makubaliano. Uliza tena kwa upole kwenye mahojiano. Ukikubaliwa, saa ziingie kwenye mkataba. Sheria ya Ajira inataka kazi ya miezi 3 au zaidi iwe na mkataba wa maandishi, na saa za kazi ni miongoni mwa mambo yanayopaswa kuandikwa humo. Zisome kabla ya kutia sahihi, na uhifadhi ule ujumbe wako na jibu lake.