Chakula Kinachorudi Mdomoni Baada ya Kula

Leo tuzungumze juu ya chakula kinachorudi mdomoni chenyewe.

Chukua mfano wa msichana wa miaka 14. Amekula ugali na sukuma wiki. Dakika 10 hazijapita, tonge linapanda mdomoni. Hana kichefuchefu, wala hakujikamua. Ladha ni ile ile ya sukuma wiki, si chungu. Akiwa peke yake hukitafuna tena na kukimeza. Akiwa na watu hutoka nje akakiteme. Huendelea hivyo hadi kinachopanda kiwe kichachu, ndipo hali hukoma. Usiku akiwa usingizini hakipandi kitu. Amemeza dawa za vidonda vya tumbo kwa miezi miwili bila nafuu. Majirani wananong'ona kwamba ana mimba, na shuleni wanasema anajitapisha ili akonde. Wote wamekosea.

Huku ni kucheua. Kwa ng'ombe ni kawaida, lakini kwa binadamu ni ugonjwa. Misuli ya ukuta wa tumbo hujibana bila mwenyewe kujua, tumbo likakamuliwa kama chupa ya plastiki, na chakula kikapanda. Ndiyo sababu dawa za kupunguza asidi hazizuii: tatizo ni ule mkamuo. Na kumgombeza mtoto hakusaidii, kwani hafanyi kusudi.

Dawa yenyewe ni kujifunza kupumua upya. Kati ya kifua na tumbo kuna msuli mpana uitwao kiwambo. Ukipumua kwa kiwambo, tumbo hutoka nje, na tumbo linalotoka nje haliwezi kujibana wakati huo huo.

Keti umeegemea, au lala chali. Mkono mmoja weka kifuani, mwingine juu ya kitovu. Vuta pumzi polepole kwa pua. Mkono wa chini uinuke, wa juu utulie. Kisha toa pumzi polepole kwa mdomo. Pumzi 6 hadi 8 kwa dakika zatosha. Wengi hukosea hapa: huinua mabega, au husukuma tumbo kwa nguvu bila kuvuta hewa. Ukisikia kizunguzungu, unapumua haraka mno.

Anza kujizoeza kabla ya kula, mpaka uzoee. Halafu fanya mara tu umalizapo kula, kwa dakika 15 hivi, na tena kila unaposikia chakula kinataka kupanda. Msichana wetu ataanza na uji nyumbani, kisha ugali, mwishowe chakula cha shuleni. Asitarajie nafuu kwa siku moja; huchukua majuma kadhaa, na wengine huhitaji mtaalamu wa kuwaelekeza.

Lakini kabla ya yote, mwone daktari athibitishe. Nenda upesi iwapo unakonda, unatapika damu, chakula kinakwama kooni, au unatapika usiku ukiwa umelala. Huenda huko si kucheua.