Kitovu cha Mtoto Kinapochomoza: Cha Kungojea na cha Kukimbiza Hospitali

Mazungumzo na wazazi siku ya kliniki ya watoto

Mazungumzo ya leo ni kuhusu kitovu kinachochomoza nje kama ncha ya kidole, au hata kama yai dogo, hasa mtoto anapolia. Hali hii huitwa ngiri ya kitovu, na wengi huiita henia. Ni jambo la kawaida sana kwa watoto wachanga, na wengi wao hupona bila dawa wala upasuaji. Lakini wako wachache ambao kitovu hicho huwapeleka katika chumba cha upasuaji usiku huohuo, na mzazi anapaswa kujua tofauti.

Kwanza, kitovu huchomoza kwa nini? Mtoto akiwa tumboni mwa mama, chakula na hewa humfikia kupitia kamba ya kitovu. Mishipa ya damu iliyo ndani ya kamba hiyo hupita katika tundu lililo kwenye ukuta wa tumbo la mtoto. Akishazaliwa, mishipa hiyo hukauka, na kamba hudondoka, kwa kawaida ndani ya wiki mbili za kwanza. Tundu nalo huanza kujikaza. Ngozi ya juu hupona haraka, lakini chini yake kuna utando mgumu unaounganisha misuli ya tumbo, nao huchukua muda mrefu zaidi kufunga.

Utando huo ukiwa bado haujafunga, mtoto akilia, akikohoa au akijikamua choo, nguvu ya tumbo husukuma kipande cha utumbo au mafuta ya tumbo kupitia tundu, na ngozi ya kitovu ikajaa. Akitulia au akilala, kilichotoka hurudi ndani. Ndiyo maana kitovu kilichojaa jioni huonekana kimelala asubuhi.

Kwa hiyo si mkunga aliyekata kamba vibaya, wala si mama aliyemwacha mtoto alie. Kilio hakitoboi tundu. Kinaonyesha tu tundu ambalo tayari lipo. Hali hii huwapata zaidi watoto waliozaliwa kabla ya wakati au wakiwa na uzito mdogo, na huonekana zaidi kwa watoto wa Kiafrika kuliko watoto wa asili nyingine.

Chukueni mfano wa mama mmoja mwenye mtoto wake wa kwanza, mvulana aliyezaliwa na kilo 2.1. Kamba ilidondoka siku ya tisa, na kitovu kikawa kikavu na safi. Mtoto alipofika wiki ya tano, mama aliona kitovu kinajaa kila anapolia. Mama mkwe wake, mwanamke aliyelea watoto sita, akatoa sarafu, akaizungushia kitambaa na kuifunga juu ya kitovu kwa mkanda wa nguo. Alifanya hivyo kwa upendo, kama alivyofanyiwa yeye.

Siku ya chanjo ya wiki ya 10, nesi alifungua mkanda ule. Chini ya sarafu ngozi ilikuwa nyekundu, imelowa jasho na kuanza kuchubuka.

"Sista, ukiufungua kitatoka tena," nyanya akasema.

"Ni kweli, nyanya, kitatoka," nesi akajibu. "Lakini sarafu haiwezi kufunga tundu lililo chini ya ngozi. Inalifunika tu tusilione. Na utumbo ukinaswa hapo siku moja, nani atajua, ikiwa kitovu kimefungwa?"

Jibu hilo lina mambo mawili. La kwanza, sarafu, plasta na mkanda haviharakishi kupona, na vinaweza kuleta kidonda na maambukizi. Mkanda ukikazwa sana humzuia pia mtoto kupumua vizuri, kwa sababu mtoto mchanga hupumua kwa tumbo. La pili ni zito zaidi: kitovu kilichofunikwa hakiwezi kuonyesha dalili ya hatari.

Kisha nesi akapima. Alingoja mtoto anyonye na kutulia, akamlaza chali, akakisukuma kitovu ndani taratibu kwa kidole. Kikarudi, kwa mlio mdogo wa utumbo unaoguruma. Kidole kikiwa hapohapo, akapapasa kingo za tundu. Lilipokea ncha ya kidole chake kidogo tu, yaani takriban sentimita 1. Akaandika tarehe na kipimo hicho katika kijitabu cha afya ya mama na mtoto.

Hapa ndipo wazazi wengi hukosea. Wao hutazama urefu wa kitovu kilichochomoza, ilhali kinachoonyesha kama kitapona chenyewe ni upana wa tundu lililo chini. Kitovu kinaweza kuwa kirefu kama kidole gumba kwa sababu ngozi imevutika, na bado tundu lake likawa dogo na likafunga. Kingine kinaweza kuwa kifupi, lakini tundu lake ni pana.

Miezi iliyofuata, mama yule aliogopa kwa sababu kitovu kilionekana kukua. Hilo ni la kawaida. Katika miezi ya kwanza mtoto hupata nguvu ya kulia na kujikamua, na uvimbe huongezeka kabla ya kuanza kupungua. Alipoletwa kwa chanjo ya miezi 9, tundu lilikuwa halijaongezeka. Katika miezi 18, ncha ya kidole kidogo haikuingia vizuri. Kabla ya kufika miaka mitatu, tundu lilikuwa limefunga. Hakupewa dawa yoyote. Misuli ya tumbo ilipata nguvu, kingo za utando zikasogeleana, na kovu likakaza.

Kati ya watoto 10 wenye ngiri ya kitovu, wanane au tisa hupona hivyo kabla ya kufika umri wa miaka mitano. Tundu lisilozidi sentimita 1 huwa na matumaini makubwa zaidi. Linalozidi sentimita 1.5 huchelewa, na mengine hayafungi. Ndiyo sababu daktari humwambia mzazi angoje. Hajampuuza mtoto, hataki kumpasua kwa jambo ambalo mwili wake huenda ukalimaliza wenyewe. Isitoshe, dawa ya usingizi ina usalama zaidi kwa mtoto aliyekua kidogo kuliko kwa mtoto mchanga.

Sasa ni zamu ya wale wachache. Mfano wa pili ni msichana wa miaka mitatu. Ngiri yake ilijulikana tangu uchanga, na siku zote ilirudi ndani. Jioni moja baada ya chakula alianza kulia akishika tumbo. Mama akatazama kitovu: kilikuwa kimejaa, kigumu, na mtoto hakutaka kiguswe. Akambembeleza, akamlaza chali, akangoja atulie. Mtoto alitulia kidogo, lakini kitovu kilibaki kigumu palepale. Kisha akatapika. Alipotapika mara ya pili, matapishi yalikuwa ya kijani.

Jirani alishauri kitovu kikandwe kwa mafuta ya moto. Mama akakataa. Hakukisukuma kwa nguvu, hakumpa mtoto chakula wala kinywaji zaidi, bali alimfunika na kwenda naye hospitali usiku uleule. Madaktari walikuta kipande cha utumbo kimenaswa katika tundu. Kilikuwa kimeanza kuwa cheusi kwa kukosa damu, lakini kilipoachiliwa, rangi yake ikarudi. Wakakirudisha ndani na kushona tundu. Mtoto alirejea nyumbani akiwa na utumbo wake wote. Kama angengojewa hadi asubuhi, huenda kipande hicho kingekufa na kulazimu kukatwa.

Yaliyompata mtoto huyu hutokea mara chache, lakini yakitokea ni suala la saa chache. Dalili zake ni hizi: kitovu kigumu chenye maumivu, ambacho hakirudi ndani hata mtoto akitulia, ngozi ya kitovu iliyogeuka nyekundu, ya zambarau au nyeusi kuliko kawaida yake, kutapika, hasa matapishi ya kijani, na tumbo kujaa huku mtoto hapati choo wala hatoi hewa. Kitovu kigumu kisichorudi kinatosha kumpeleka mtoto hospitali hata kama hajatapika. Mzazi asingoje dalili zote zikutane.

Lakini kitovu kukaza wakati mtoto analia si hatari peke yake. Mtoto abembelezwe, alazwe chali, kisha kitovu kitazamwe tena. Kikilegea na kurudi, hakuna haja ya kukimbia.

Kuna pia upasuaji usio wa dharura, unaopangwa kwa tarehe. Mtoto ambaye tundu lake halijafunga akifika miaka minne au mitano huelekezwa kwa daktari wa upasuaji. Aliye na tundu pana lisilopungua kutoka kipimo kimoja hadi kingine, au ambaye ngiri yake iliwahi kunaswa na kurudi, aonwe mapema zaidi. Mtoto hulazwa usingizi kwa dawa, daktari hukata sehemu ndogo chini ya kitovu, hurudisha kilichotoka, hushona kingo za utando na kukilaza kitovu mahali pake. Kwa kawaida kazi hii haimalizi saa moja, na watoto wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo.

Jambo moja lisichanganywe na haya. Uvimbe unaotokea kwenye kinena au ndani ya korodani si ngiri ya kitovu, na ngiri ya kinena haifungi yenyewe. Mtoto mwenye uvimbe huo apelekwe hospitali mara tu unapoonekana, hata kama unarudi ndani. Vilevile, kitovu kinachotoa maji, usaha, mkojo au choo baada ya kamba kudondoka kinahitaji kuonwa na daktari bila kuchelewa.

Nyanya wa mfano wa kwanza hakufunga tena sarafu. Lakini hakuacha kukitunza kitovu cha mjukuu wake. Kila jioni alipomwogesha alikitazama: ni laini, kinarudi, rangi yake ni ileile? Maswali hayo matatu kila mlezi anaweza kujiuliza nyumbani bila kifaa chochote. Na kila siku ya chanjo, mzazi amwombe nesi apime tundu na kuandika kipimo katika kijitabu, ili anayempima mtoto mara nyingine ajue kama linapungua.