Ordinatere ya biro inaongea na nani?

Mliniomba nieleze namna gani tulijua ni nini kilikuwa kinakula mega za biro. Forfe ya mwezi inalipwa na kotizasyo zenu, na ilikuwa inaisha kwa siku 12. Watu wakaanza kunong'ona kwamba sekretere anaangalia filme usiku. Lakini mbele ya kumshitaki mtu, mashini yenyewe inaweza kuulizwa.

Ordinatere yetu inatumia Linux. Tulifunga kwanza kila programu ambayo sekretere anatumia. Kisha tukafungua dirisha la Terminal, tukaandika:

```
sudo ss -tunp
```

Herufi `t` na `u` ni njia mbili za kusafirisha data, TCP na UDP. `n` inataka adresi kwa namba. `p` inataka jina la programu. Na `sudo` ni ruhusa ya mkubwa wa mashini: ukiiacha, adresi utaziona, lakini majina ya programu zisizo zako hayatatokea.

Hakuna mtu aliyekuwa anagusa kitu, lakini mistari zaidi ya 30 ikatoka. Mmoja ulikuwa hivi (adresi ya nje nimeibadilisha, na nimeukata mara tatu ili usomeke):

```
tcp  ESTAB  0  48216
192.168.1.14:46102  203.0.113.25:51413
users:(("transmission-gt",pid=2210,fd=31))
```

Tusome pole pole. `ESTAB` ni kusema mazungumzo yako wazi sasa hivi. Adresi ya kwanza ni yetu wenyewe, ya ndani ya biro. Ya pili ni ya yule wa mbali, na namba iliyo nyuma ya nukta mbili ni mlango anaopokelea. Mwisho kuna programu: Transmission, jina lake limekatwa kwa sababu Linux inashika herufi 15 tu.

Ile 48216 ndiyo ilituambia siri. Ni hesabu ya baiti ambazo sisi tumetuma na mwenzetu hajajibu kwamba amezipata. Mara moja haina maana kubwa. Tulirudilia amri mara kadhaa, na kila mara mistari mingi ilikuwa na namba kubwa pale. Kumbe ordinatere ilikuwa inatuma, si kupokea tu.

Transmission ni programu ya torenti. Mtu alishusha filme moja zamani, ikamalizika. Lakini torenti haisimami pale: inaendelea kuwagawia watu wengine vipande vya filme ile, na mega zinahesabiwa kwetu. Programu ilikuwa imewekwa kwenye orodha ya zile zinazojiwasha asubuhi. Kuizima tu kusingetosha, kesho ingerudi. Tuliondoa torenti, tukaitoa kwenye orodha ile, tukawasha mashini upya, tukaandika `ss` tena. Jina lake halikuonekana. Mwezi uliofuata forfe ilifika siku ya 27, na sekretere hakuwa ameguswa na kosa lolote.

Sasa mipaka yake. Kwanza, `ss` ni kama picha: inaonyesha dakika hii tu. Programu inayoongea sekunde mbili kisha ikanyamaza itakupita. Andika basi `sudo watch -n 2 ss -tunp`, picha itapigwa upya kila sekunde 2.

Pili, UDP inaweza kutuma bila kushika mazungumzo na mtu mmoja. Mistari ya namna hiyo inatokea ukiongeza herufi `a`, na mahali pa adresi ya mbali hutaona adresi ya mtu, ila kitu kama `0.0.0.0:*`. Programu utaijua, wa upande wa pili hapana.

Tatu, adresi usiyoijua si mwizi. Navigateri ikifungua ukurasa mmoja inaweza kuita adresi kumi, na adresi moja inaweza kubeba saiti nyingi. Ndiyo maana anza na jina la programu, halafu ujiulize: nani aliiweka, na kwa nini inaongea wakati hatuitumii?

Wenye Windows, fungua dirisha la amri, uandike:

```
netstat -ano
tasklist /FI "PID eq 4312"
```

Amri ya kwanza inatoa adresi, na namba ya programu mwishoni mwa kila mstari. Ya pili inakuambia jina lake. Weka namba uliyoiona pahali pa 4312.

Ukikuta jina usilolielewa, liandike kwenye karatasi pamoja na saa, ulete biro siku ya mkutano. Usifute kitu mbele ya kuuliza.