MKATE UANGUKAO TANURINI, NA KIPIMO CHA KIDOLE

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Lushoto



Tumepewa nafasi katika sikukuu hii ya miaka kumi tuseme neno juu ya kuoka mikate, nasi tumeona si vyema kulitawanya neno hilo mahali pengi. Tutasema juu ya hasara moja tu, ambayo waokaji wengi wa milima hii wameionja. Donge limeumuka vizuri, limejaa kopo hata linapendeza macho, likaingizwa tanurini kwa matumaini. Kisha mlango ulipofunguliwa, likaonekana limebonyea katikati kama kofia iliyokaliwa. Mkate wa namna hiyo hauuziki. Unga wa ngano kwa wengi wetu ni wa kununua dukani, tena kilo moja hutoa mikate miwili tu ya kadiri. Mwenye kuoka mikate 12 ikaanguka yote amepoteza kilo 6 za unga, pamoja na hamira, kuni, na kazi ya tangu alfajiri.

Ajali hiyo ikitokea, wa kwanza kulaumiwa ni hamira: ati ilikuwa mbovu. Lakini hamira iliyo mbovu hailiumui donge hata kidogo, na donge hili liliumuka. Kosa ni kwamba liliachwa likaumuka kupita kiasi chake.

Ili tulifahamu jambo hili, yafaa tutazame ndani ya donge. Hamira ni viumbe hai vidogo sana. Hula sukari iliyomo katika unga, na katika kula kwao hutoa kileo kidogo na hewa ya kaboni, yaani hewa ile ile tuitoayo puani tunapopumua. Hewa hiyo ingepotea mara moja kama isingezuiwa. Kinachoizuia ni utando wa gluteni. Unga wa ngano ukitiwa maji na kukandwa, protini zake hushikana zikawa kama mpira: huvutika, na zikiachwa hurudi. Kwa hiyo ndani ya donge mna vipovu maelfu kwa maelfu, na kila kipovu kina ukuta wake wa mpira huo.

Kadiri hewa inavyoongezeka, vipovu hupanuka na kuta zake huwa nyembamba. Mwanzoni mpira una nguvu kuliko hewa. Baadaye nguvu hizo mbili hukaribiana. Mwisho kuta huwa nyembamba mno. Na zaidi ya hayo asidi na vimeng'enya vilivyomo katika donge huwa vimekwisha kuulegeza mpira wenyewe. Hapo vipovu huanza kupasukiana, viwili vikawa kimoja, na donge linasimama tu kwa sababu hapana aliyeligusa.

Sasa litieni donge hilo tanurini. Kwa dakika chache za kwanza joto huifanya hamira ichangamke mara ya mwisho, hewa yote iliyomo hupanuka, na maji na kileo huanza kuwa mvuke. Mkate wote hutaka kupanda kwa ghafula. Hamira hufa joto la ndani likaribiapo digrii 60, na kuanzia hapo hata kupita digrii 80 wanga na gluteni huganda zikawa imara, mkate ukapata mifupa yake. Donge lililoingia na akiba ya kuvutika hupanda, kisha hukazana likiwa juu. Donge lililokwisha kuvutika lote halina akiba: kuta hupasuka kabla mifupa haijapatikana, hewa hutoka, na mkate huanguka. Kwa hiyo mwokaji hatakiwi kulingoja donge lifike ukubwa wake wote nje ya tanuri. Sehemu ya mwisho ya kupanda ni haki ya tanuri.

Wengi watauliza: basi tungoje saa ngapi? Hapa ndipo milima yetu inapowadanganya watu. Kazi ya hamira hukaribia kuwa maradufu kwa kila digrii 8 hadi 10 za joto zinazoongezeka, madhali joto halijapita kiasi. Tuseme mwanachama wa Lushoto, mji ulio kwenye mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, ameumba mikate yake asubuhi ya Julai ndani ya chumba chenye digrii 18, ikamchukua saa mbili kuwa tayari. Akishuka Mombo, kule chini barabara inapoanzia, akaoka mikate ile ile kwa vipimo vile vile katika digrii 30, itakuwa tayari kwa dakika 50 hivi. Akishika saa yake mbili za Lushoto, atatia tanurini madonge yaliyokufa zamani. Na hata asiposhuka Mombo, chumba chake cha Julai si chumba chake cha Februari. Tena hewa ya huku juu ni nyepesi kuliko ile ya Tanga kwa kama sehemu moja katika saba, na hewa nyepesi hulikandamiza donge kidogo. Kwa hiyo katika joto lililo sawa donge la mlimani hupanda upesi kuliko la pwani. Mapishi yaliyoandikwa na waokaji wa boflo wa pwani hayawezi kutuhesabia dakika.

Saa hulipima jua, hailipimi donge. Donge hupimwa kwa kidole.

Namna yake ni hii. Chovya kidole cha shahada katika unga, ama ukiloweshe maji, kisichonate. Bonyeza donge lililokwisha kuumbwa, kwa upole, kina cha kama nusu ya pingili ya kwanza, kisha ondoa kidole na utazame shimo. Likiruka likajaa mara moja, mpira ungali na nguvu nyingi kuliko hewa: bado. Mkate ukiokwa hapo utakuwa mzito, na mara nyingi utapasuka ubavuni kwa sababu hewa hutafuta njia. Shimo likirudi polepole, lakini lisijae lote, pakabaki kibonyeo kidogo, nguvu mbili zimekaribiana na akiba ingalipo: tia tanurini. Shimo lisiporudi kabisa, au donge likashusha pumzi na kunywea pale ulipogusa, wakati umekwisha kupita.

Tufuate mpiko mmoja mzima. Unga kilo 1, maji gramu 600, chumvi gramu 20, hamira kavu kijiko kimoja kikubwa cha wastani. Donge limekandwa, limeumuka mara ya kwanza, limekatwa mawili na kuumbwa, nalo limefunikwa kwa kitambaa chenye unyevu katika chumba chetu cha digrii 18. Baada ya saa moja tunabonyeza: shimo linaruka. Baada ya saa moja na nusu: linarudi upesi, ila si kwa kuruka. Hiyo ndiyo habari yenye thamani kuliko zote, maana inatuambia tuangalie moto. Inapokaribia saa mbili shimo linarudi nusu na kukawia. Mikate inaingia.

Lakini tuseme kuni zilinyeshewa, na tanuri lataka dakika 40 zaidi. Katika tanuri la kuni ajali hii ndiyo mama wa mikate mingi iliyoanguka: si kwamba mwokaji hakujua, bali mkate ulikuwa tayari na moto haukuwa tayari. Kama kipimo cha saa moja na nusu kimekwisha kuonyesha hivyo, yapelekeni makopo mahali penye baridi zaidi, hata barazani kwa asubuhi za Julai, yakiwa yamefunikwa. Hamira itapunguza mwendo. Kama shimo limekwisha kukataa kurudi, msilitie donge tanurini kwa kubahatisha. Likandamizeni hewa yote itoke, liumbeni upya, mlirudishe katika kopo. Kutolewa hewa huzifanya kuta zijikunje na kuwa nene tena, na hamira hupata chakula ilichokuwa haijakifikia. Safari hii litaumuka upesi kuliko kwanza, basi anzeni kubonyeza mapema. Mkate utakuwa mfupi kidogo, na ganda halitapata wekundu mzuri kwa kuwa sukari nyingi imekwisha kuliwa, lakini utauzika. Dawa hii ni ya mara moja. Donge lililolegea hata likawa kama uji na kunuka pombe kali, lisukumeni bapa muoke mikate ya chapa kwa chakula cha nyumbani.

Kipimo hiki kina mipaka. Donge lililolala mahali pa baridi kali huwa gumu, na ugumu huo hulizuia shimo lisirudi hata kama donge halijawa tayari. Liacheni lipate joto kidogo kwanza. Donge lililoachwa wazi hufanya ngozi kavu, na kidole hupima ngozi, hakipimi donge. Tena msibonyeze mahali pale pale mara mbili. Na unga wa shayiri nyeusi ya Kizungu, yaani rai, hauna mpira wa kutosha wa gluteni. Wale waliokula mikate ya rai iokwayo shambani Irente wanajua jinsi ilivyo mizito na kushikana. Mkate wa namna hiyo hutazamwa kwa macho: unga uliopakwa juu yake ukianza kupasuka nyufa nyembamba, umekaribia.

Neno jingine tusilisahau, maana si kila mkate ulioanguka uliumuka mno. Tazameni ulianguka lini. Ulionywea ulipokuwa ukibebwa, au ulipochanjwa kwa kisu, au katika dakika za mwanzo za tanuri, huo uliumuka kupita kiasi. Uukateni mtaona mashimo makubwa chini ya ganda la juu, na sehemu ya chini imeshikamana, nalo ganda ni jeupe. Lakini mkate uliosimama vizuri tanurini, kisha ukaanguka baada ya kutolewa, na ndani yake ni mbichi na unanata, huo uliharakishwa kutolewa. Kidole hakina lawama hapo.

Juu ya meza ile pana madonge matatu yaliyoumbwa leo kwa nyakati mbalimbali: la kushoto bado, la katikati tayari, la kulia limepita. Kila mjumbe na kila mwanachama apite ayabonyeze yote matatu kabla hatujalitia la katikati tanurini. Maji ya kunawa yako mlangoni.