Asante kwa wale wanaolinda grupu yetu

(Maneno yaliyosomwa mbele ya vijana, Kalemie)

Ninyi mliotoka Lukuga, ninyi wa Lac, na ninyi mliokuja kwa miguu juu hamukuwa na pesa ya moto, karibuni sana.

Leo waliniomba niseme asante kwa watu wanne. Majina yao siyasemi, wenyewe walikataa. Mmoja anauza mikebuka sokoni. Mmoja ni mwalimu. Mmoja anachaji matelefone ya watu kwa panneau yake ya jua. Wa nne ni shomeri kama mimi. Hao njo ba admini wa grupu yetu ya WhatsApp, ile ya kartie, yenye watu karibu mia nane. Hakuna anayewalipa. Mega wananunua wenyewe.

Nianze na haya yangu mwenyewe. Nilipomaliza universite, nilirudi hapa na diploma yangu, nikaingia grupu, na kwa miezi mitatu ya kwanza nilikuwa mtu mbaya mule ndani. Siku moja mama mmoja aliuliza boti ya Moba inatoka saa ngapi. Aliandika vibaya, herufi zinakosana. Mimi nikamjibu mbele ya watu wote kwamba aende kwanza shule, kisha arudi kuuliza. Watu wakacheka, na mimi nikajiona mwerevu.

Admini hakunijibu mu grupu. Aliniandikia mu prive: “Mdogo wangu, yule mama ana mgonjwa kule Moba. Boti inatoka saa ngapi?” Ni hayo tu. Sikuwa ninajua. Nikatoka, nikaenda bandarini kuuliza, nikarudi na jibu, nikaliweka mu grupu. Angenikemea mbele ya watu mia nane, ningejitetea, wenzangu wangenisaidia, na usiku mzima tungetukanana huku mama akingoja jibu. Baadaye niliuliza kama wanafanya hivyo na kila mtu. Waliniambia ndiyo: kosa la kwanza la mdomo linasemwa mu prive, na pamoja na kosa mtu anapewa kazi ya kufanya. Mtu akirudia, anaambiwa mara ya pili. Mara ya tatu anatolewa, na siku anayotolewa anaambiwa ni lini anaweza kuomba kurudi.

Sasa niwaelezee ule usiku wa vokali, juu wengi mlilala bila kujua kilichopita.

Ilikuwa 2024, wakati ziwa lilipanda na maji yakaingia katika nyumba za watu. Roho za watu zilikuwa juu. Karibu saa tatu usiku ikaingia vokali moja. Mwanaume anahema kama mtu aliyetoka mbio. Anasema mtoto ameibwa leo asubuhi, anataja watu wa kabila fulani, anaita vijana watoke na fimbo. Hapa kwetu maneno ya namna hiyo si mchezo. Mnakumbuka 2016 na 2017, vita ya Batwa na Baluba hapa Tanganyika, namna watu walikimbilia hapa Kalemie na nyumba zao zilichomwa nyuma yao. Wengine mko hapa ndani.

Admini aliyekuwa macho ni yule yaya wa mikebuka. Aliona kwanza ile alama ya mishale miwili juu ya vokali. Alama hiyo inasema kwamba ujumbe umepita katika mikono mingi: ulitumwa mbele mara tano ao zaidi kabla ya kufika kwako. Tangu Aprili 2020 ujumbe wa namna hiyo hauwezi kutumwa mbele kwa grupu zaidi ya moja kwa mara moja. Mtu mwenye haraka bado ataupeleka, lakini atachoka kidogo. Mishale miwili haionyeshi kwamba ujumbe ni uongo. Inaonyesha kwamba aliyekutumia pengine si yeye aliyeona.

Mi ningefuta vokali palepale. Yeye hakufuta. Aliniambia kwamba watu zaidi ya mia moja walikuwa wameshaisikiliza, na admini akifuta, kila mtu anaona maandishi kwamba ni admini aliyefuta. Hapo njo wanaanza kusema, “wanaficha, nao ni wa kabila lile.” Basi alifunga grupu kwanza, akaweka kwamba ba admini tu ndio wanaweza kuandika. Kisha akaandika: “Vokali tumeisikia. Tunauliza. Tutarudi hapa saa nne kamili, hata kama hatujapata jibu.” Kutaja saa kulisaidia, juu mtu aliyepewa saa anaweza kungoja, na asiyepewa kitu anavaa viatu anatoka.

Kiisha akamwandikia kijana aliyeituma. Hakumwuliza “kwa nini umetuma?”, juu swali hilo linafunga mdomo wa mtu. Alimwuliza: “Wewe mwenyewe uliona, ao walikuambia? Nani alikutumia? Alitoa wapi?” Kijana alikuwa ameipata kwa binamu yake, na binamu aliipata kwa grupu ya wafanyabiashara wa boti. Hakuna aliyeona kitu.

Wakati huo mwalimu alikuwa anaisikiliza vokali tena na tena. Alisema ina “leo asubuhi” lakini haina tarehe. Haina jina la mtoto, haina jina la kartie, hata mji hautajwi. Vokali kama hiyo ni ya kila siku: ukiisikia Jumanne, “leo” ni Jumanne, ukiisikia mwaka kesho, “leo” ni siku hiyo. Wa panneau akampigia mtu anayekaa karibu kabisa na mahali watu waliokuwa wanapadhania. Kule watu walikuwa wanalala, hakuna aliyelia mtoto. Na wa nne, shomeri mwenzangu, aliingia katika grupu nyingine za zamani zilizokuwa kwa telefone yake, akatafuta. Akaipata vokali ileile, sauti ileile, kihemo kilekile, imetumwa miezi mingi nyuma.

Saa nne kamili yaya akarudi, kama alivyosema. Hakuandika. Alitoa vokali yake, kwa Kiswahili chetu cha hapa, polepole. Watu waliowashwa na sauti hawatazimwa na maandishi, na tena wako wengi mule ndani wasiosoma vizuri. Hakutaja lile kabila. Hakurudilia ile hadithi. Hakumtaja kijana. Alisema tu: ile sauti ni ya zamani, ilikwisha kutumwa mwaka huu mbele ya mvua, tumeuliza kule na watu wamelala salama, sasa tunaifuta na grupu itafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Kisha ndipo akaifuta.

Kijana yule mwenyewe alimrudishia binamu yake vokali ya yaya. Hakufukuzwa. Leo yuko hapa, amekaa nyuma kule, na sitamwangalia.

Sisemi kwamba kila kitu kilikuwa sawa. Ile vokali ilikuwa imeshatoka kwetu kwenda grupu tatu nyingine, na kule hatuna admini. Katika moja walitukanana hadi asubuhi. Kufuta kwetu hakufuti kwa wengine.

Na ba admini nao wanakosa. Mama mmoja aliandika kwamba maji ya pompi yao yanatoka na rangi na yananuka. Waliona ni maneno ya kutisha watu, wakafuta. Kumbe ilikuwa kweli, watoto wawili walikuwa wanaharisha. Mama akatoka mu grupu kwa hasira. Ba admini wawili walikwenda kwake kwa miguu kuomba msamaha, halafu wakaandika mbele ya wote kwamba walikosa. Tangu siku hiyo ujumbe juu ya maji, ugonjwa ao boti haufutwi na admini mmoja peke yake. Wawili wanapaswa kukubali, na mmoja wao awe ameuliza mtu wa mahali pale.

Nawapa mfano wa mbali kidogo. Kenya walikuwa na mahali pa kuzungumza kwenye intaneti panaitwa Mashada, pakiendeshwa na David Kobia, Mkenya aliyekuwa anaishi Amerika. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu walipoanza kuuana, matusi ya kikabila yaliingia Mashada kwa wingi kuliko mtu angeweza kuyashika. Kobia alipafunga. Halafu akafungua pengine, akapaita “I Have No Tribe”, maana yake sina kabila, watu waandike mambo mengine kuliko kutukanana. Wako waliosema alikosa kufunga. Mi naona hakuwa na njia nyingine: maneno yalikuwa mengi na mikono michache. Sisi ule usiku tulikuwa wanne juu ya watu mia nane, na usiku ule ulikuwa na moto mmoja tu. Ungekuwa na mioto kumi, nasi tungefunga kabisa.

Kuna kazi nyingine ninayotaka kuishukuru kwa ajili yangu mwenyewe. Ni ile ya kutazama matangazo ya kazi. Mwaka jana nilikuwa tayari kutuma dola ishirini za “kufungua dosie” kwa kazi moja nzuri sana. Nilikuwa nimezikopa kwa mjomba. Kabla ya kutuma niliweka tangazo mu grupu ili na wenzangu wapate. Admini mwalimu akaniuliza: adresi ya ofisi yao iko wapi hapa mjini? Nani alishaonana nao uso kwa uso? Kwa nini pesa inakwenda kwa namba ya mtu na si ya ofisi? Sikuwa na jibu hata moja. Nikapiga ile namba, nikauliza adresi. Walikata. Nikapiga tena, ilikuwa imezimwa. Mjomba alirudishiwa dola zake ishirini, na hadi leo anadhani mimi ni mwaminifu sana.

Sasa tangazo lolote la kazi linalodai pesa mbele linaondolewa, na aliyeliweka anaambiwa sababu mu prive, juu mara nyingi na yeye ni wa kuibiwa.

Yaya wa mikebuka ameniambia kwamba tangu ule usiku halali vizuri. Saa nane za usiku anashtuka, anaangalia telefone kama kuna vokali. Anaamka saa kumi kwenda kungoja pirogi. Kwa hiyo tumeongea, na tunawaomba ninyi mkubali hili leo: zamu ya usiku igawanywe. Yaya anaachiwa usiku wote wa kazi yake, kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi. Mimi nimechukua Jumatatu na Jumanne. Jumatano na Alhamisi wamechukua wawili wanaokaa karibu na mlango, wanyoshe mkono tuwaone. Ijumaa na Jumamosi hazina mtu. Tumechanga pesa kidogo ya mega kwa mwezi mmoja, iko kwa mwalimu, na daftari la kuandika nani alitoa nini liko pale juu ya meza.

Yaya, mwalimu, na ninyi wawili, aksanti sana. Simameni kidogo tuwaone. Na anayetaka Ijumaa, apite hapa mbele mbele ya kutoka.