Jasho Huondoka na Chumvi

Msikilizaji, fundi mwashi anayepanga tofali juani Dar es Salaam mwezi Februari anaweza kutokwa na jasho lita nzima kwa saa moja. Ndoo ya maji iko pembeni yake, naye anakunywa kweli. Lakini ikifika saa nane mchana msuli wa mguu unamkaza na kichwa kinamgonga. Wenzake humwambia aongeze maji. Ushauri huo haujakamilika, kwa sababu jasho huondoka na chumvi, na maji matupu yakinywewa kwa wingi huzimua ile iliyobaki mwilini.

Dawa yake iko jikoni. Chukua dumu la lita 5 la maji safi. Tia kijiko kimoja na robo cha chai cha chumvi, kilichosawazishwa, kisha vijiko 10 vya chakula vya sukari na maji ya ndimu 10. Sukari hiyo husaidia utumbo kufyonza chumvi na maji kwa pamoja, na ndimu humfanya mtu atamani kunywa tena. Koroga mpaka chumvi iyeyuke yote, la sivyo itatuama chini na atakayekunywa wa mwisho atashindwa kuimeza. Onja: isizidi ukali wa machozi. Ikizidi, ongeza maji. Kinywaji hiki kimalizwe siku hiyohiyo.

Fundi anywe kikombe kimoja kila dakika 20, kwa zamu na maji matupu, bila kungoja kiu. Asigugumie kwa pupa: lita moja na nusu kwa saa ni nyingi mno.

Wengi hutegemea dafu. Dafu lina potasiamu nyingi, lakini sodiamu, ambayo ndiyo jasho huitoa zaidi, ni kidogo. Basi saa nne alinywe pamoja na kipande cha muhogo wa kuchoma ulionyunyiziwa chumvi na ndimu, au karanga za chumvi, au embe bichi lililopakwa chumvi na pilipili. Vitafunwa hivi vinataka maji mengi juu yake. Ukivila kavu, unaongeza kiu tu.

Anayekula vizuri chakula chenye chumvi huenda asihitaji dumu lile siku nzima. Mwenye presha au ugonjwa wa figo asijiongezee chumvi bila kumwona daktari.

Kipimo cha kila siku ni mkojo. Ukiwa kidogo na wa manjano iliyokolea, maji hayatoshi. Lakini fundi akianza kuongea ovyo, kupepesuka au kuzirai, hapo kinywaji hakina kazi tena, na kumnywesha asiyejitambua kunaweza kumpalia. Mwondoeni juani, mmwagieni maji mwili mzima, mpepeeni, na wakati huohuo mtafute gari la kumfikisha hospitali.